Apu ya sola inaonyesha nusu tu ya nilichoahidiwa, paneli mbovu au?

Swali: "Wakuu, niko Tabora, nina paneli 6 za wati 400, fundi alisema nitapata kama yuniti 11 kwa siku ila apu inaonyesha 5 au 6 tu. Nimeweka alamu ya kushuka chini ya 9 sasa simu inalia kila jioni. Paneli zimezingua? Na niweke alamu ipi inayoeleweka?"

Mkuu kabla hujamfuata fundi na maneno makali, fungua ile grafu ya siku uangalie saa ngapi mstari unaanguka. Kama asubuhi unapanda vizuri halafu saa sita hivi unadondoka ghafla na jua liko utosini, basi betri imejaa, paneli hazina shida yoyote. Chaji kontrola ikishatoka Bulk, ile hatua ya kuchaji kwa nguvu zote, ikaingia Absorption na Float inachukua kile tu unachotumia, kingine kinabaki juu ya bati bila kazi. Friji, tivi na taa zako zikila yuniti 5 kwa siku, apu itaandika 5 na kidogo hata ungefunga paneli 20.

Hesabu ya fundi yenyewe iko sawa. Wati 2400 zako ni kilowati 2.4, zidisha masaa ya jua kamili, tuseme 6 siku ya kiangazi, halafu chukua asilimia 75 maana joto, waya, vumbi na kontrola vinakula kilichobaki, unapata 10.8. Ukitaka ya kila mwezi nenda PVGIS, kikokotoo cha sola cha mtandaoni, ni bure, ila hapo wengi wanajikwaa: kwenye Azimuth ile 0 ni kusini, na sisi huku paneli tunazielekeza kaskazini kwa hiyo unaandika 180. Ila hiyo namba ni ya kinachowezekana kuzalishwa, sio kinachozalishwa ukiwa na betri, ndo maana alamu ya jumla ya siku kwa mfumo usio na gridi ni kelele tupu.

Mimi kwa wateja wangu naacha jumla, nalinganisha stringi kwa stringi, yaani kundi la paneli zilizofungwa mfululizo na kundi jingine. Kama fundi amekufungia stringi 2 za paneli tatu tatu, kila moja na kontrola yake au inveta yenye MPPT mbili, una bahati, maana wingu likipita linapita kwa zote mbili na zinashuka pamoja. Uwiano wao ndo haupaswi kuyumba. Stringi moja iite A, nyingine B, na P ni wati zake; masharti yangu ya alamu yanakaa hivi, wastani wa nusu saa:

```
hali A na B = Bulk
P_A > 300
P_B / P_A < 0.85
```

Na ya pili inayogeuza B na A. Hiyo Bulk ndo roho ya kila kitu, bila hiyo utaamshwa bure. Kama apu yako haikubali masharti ya namna hii pakua data uiweke kwenye eksel mara moja kwa wiki, inatosha kabisa.

Kuna nyumba moja Isevya alamu ilianza kulia asubuhi tu, saa mbili hadi saa tatu na nusu, uwiano ukishuka mpaka 0.67 halafu unarudi 0.98 kama hakuna kilichotokea. Theluthi moja kamili imepotea, yaani paneli moja kati ya tatu, na kwa kuwa inarudi yenyewe sio waya. Nikapanda asubuhi ile ile nikakuta kivuli cha tawi la mwembe wa jirani kimelalia paneli ya mwisho yote, daiodi zake zimeiruka na zile mbili zinaendelea kama kawaida. Mzee alikuwa ameshaambiwa anunue paneli mpya, ikaishia kwa panga na maongezi na jirani (maongezi yalichukua muda kuliko panga). Ingekuwa kiunganishi cha MC4 kimeungua stringi nzima ingekuwa sifuri kutwa, maana zimefungwa mfululizo.

Kitu kimoja njia hii haikioni ni vumbi, kwa sababu linazipaka zote sawa, na huku kuanzia Juni mpaka Septemba na moshi wa kuchoma mapori linajaa haswa. Hapo osha stringi A tu, asubuhi mapema kioo kikiwa cha baridi, B usiiguse, kesho yake angalia uwiano. Ukikuta B iko 0.97 ya A shuka zako, maji ya ndoo bado yana kazi nyingine. Ukikuta 0.88 maliza na B.