Waliojibu ni 400. Wale 600 wako wapi?

Ripoti ya utafiti ikikujia na asilimia nzuri, kabla ya kuisoma hiyo asilimia tafuta namba mbili: walitafutwa wangapi, na waliojibu ni wangapi. Tuchukue mfano wa hesabu. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kina wanachama 1,000, na namba zao za simu zote ziko kwenye rejista. Wanapigiwa wote kuulizwa kama wanaridhika na malipo. Wanaopokea ni 500, na kati yao 400 wanakubali kuhojiwa. Watu 280 wanasema wameridhika, na ripoti inaandika: asilimia 70 wameridhika, mwitikio asilimia 80.

Hiyo 80 imepatikana kwa kugawanya 400 kwa 500, yaani waliokubali kati ya waliopokea simu. Mwitikio wenyewe ni 400 kwa 1,000, asilimia 40. Ni ujanja wa kawaida, na mara nyingine si ujanja hata kidogo, mwandishi amechanganya tu. Kwa hiyo uliza kila mara: mmegawanya kwa ngapi?

Sasa pima ukubwa wa shimo. Kama wale 600 wote hawajaridhika, walioridhika ni 280 kati ya 1,000, asilimia 28. Kama wote wameridhika, ni 880, asilimia 88. Ukweli uko mahali fulani katikati. Ripoti inaweza kukutuliza kwamba kosa la sampuli ni kama asilimia 4.5 juu au chini, lakini hesabu hiyo inahusu bahati ya kuchagua watu, haiwagusi kabisa waliokataa au wasiopatikana.

Hata hivyo mwitikio mdogo peke yake si hukumu. Utafiti unapinda pale sababu ya mtu kutojibu inapohusiana na kile anachoulizwa. Tafiti za simu za kituo cha utafiti cha Pew huko Marekani zilishuka kutoka mwitikio wa asilimia 36 mwaka 1997 hadi 6 mwaka 2018, na bado mambo mengi yalikaribiana na takwimu za serikali. Zilipokosea wazi ni kwenye kujitolea: anayekubali kumpa mgeni dakika zake kwenye simu ndiye yule yule anayejitolea mtaani kwake. Wingi wa majibu nao si kinga. Mwaka 1936, kabla ya uchaguzi wa rais wa Marekani, jarida la Literary Digest lilituma karatasi za maoni kama milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba mgombea Landon atamshinda Rais Roosevelt. Roosevelt alichukua majimbo yote isipokuwa Maine na Vermont. Orodha yao ilielemea wenye magari na simu, na juu ya hapo, waliojisumbua kurudisha karatasi walikuwa zaidi wale waliomchoka Roosevelt.

Kwenye ushirika wetu, nani hapokei simu? Aghalabu ni yule aliyeacha kuleta kahawa chamani. Rejista inakuonyesha hilo bila kumpigia mtu. Tuseme msimu huu wanachama 500 waliuza chamani na 500 hawakuuza. Kati ya waliojibu, 300 waliuza, na 240 kati yao wameridhika. 100 hawakuuza, na walioridhika ni 40 tu. Ukirudisha kila kundi kwenye nusu yake halisi, asilimia 80 na asilimia 40 zinakupa 60. Zimeyeyuka asilimia 10 kwa safu moja ya rejista. Angalia kwamba kurekebisha kwa umri na jinsia kusingesaidia kitu hapa, maana si umri wala jinsia iliyowafanya wasijibu.

Kisha omba daftari la simu, linaloonyesha kila mtu alipatikana mara ya ngapi. Waliopokea mara ya kwanza ni 250, wameridhika 200. Waliopatikana mara ya pili au ya tatu ni 100, wameridhika 60. Waliosakwa mara nne na zaidi ni 50, wameridhika 20. Asilimia inateremka 80, 60, 40, na mteremko wa namna hiyo ni dalili mbaya. Wale 600 wakifanana na kundi la mwisho, 240 wameridhika. Jumla ni 520, asilimia 52. Hilo ni kisio, kwa sababu mgumu kupatikana na aliyekataa katakata si lazima wafanane.

Kama fedha za kufuatilia zipo, usizimalize kwa kuwapigia wote 600 tena. Chagua 60 kwa kura, mtume mtu na pikipiki awafuate nyumbani, na asibadilishe jina hata moja kwa jirani aliyemkuta barazani. Kubadilisha hivyo kunakurudishia wale wale wanaopatikana kirahisi, na kwenye ripoti hakuonekani.