Mdhamini Hasomi Shida Zako, Anatafuta Jina Lake

Jumamosi iliyopita vijana wetu wa chini ya miaka 17 hapa Ujiji waliingia uwanjani na jezi mpya, kifuani jina la duka la vifaa vya ujenzi la Mwanga. Tangu niwe katibu wa timu sijawahi kufurahi vile. Ila kabla ya hapo barua yangu ya kuomba msaada ilikataliwa sehemu nne, na moja bado inaniuma.

Hapo, mzee mwenye duka aliisoma nikiwa nimesimama kaunta. Ilianza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu", ikafuata historia ya timu, kisha jezi, mipira, nauli. Akaikunja. "Kijana wangu, sadaka mimi natoa Ijumaa."

Usiku nikaihesabu: neno "msaada" mara saba, jina la duka lake mara moja tu, kwenye anwani. Nilimwendea kama mfadhili, wakati nilichotaka ni mdhamini. Mfadhili anatoa kwa huruma. Mdhamini ananunua kitu, na mimi sikuwa nimeweka kitu mezani.

Basi mechi tatu za nyumbani nikawaweka vijana wawili wahesabu watazamaji wakati wa mapumziko: 140, 210, 180. Wengi walikuwa mafundi na bodaboda. Ndiyo maana barua mpya nikaipeleka duka la saruji na mabati, lile la Mwanga. Historia niliishusha chini, mistari miwili. Juu nikaandika hivi:

"Kwa shilingi 480,000 tutanunua jezi 20, kila moja 24,000 pamoja na uchapaji. Jina la duka lako litakaa kifuani mechi zote 12 za msimu. Bango lako la mita tatu litafungwa upande wa barabara kila mechi ya nyumbani, ambako watazamaji ni kati ya 140 na 210. Hatutachukua duka jingine la vifaa vya ujenzi. Kila mwisho wa mwezi utapokea picha na idadi ya watazamaji kwa Wosapu."

Nilikuwa nimeongeza "mauzo yako yatapanda", nikafuta. Hilo huwezi kulithibitisha, na mfanyabiashara analijua kuliko wewe. Ndugu yangu kiongozi wa timu, andika unachoweza kukitimiza tu. Usiandike 1,000 wakati wanakuja 180, maana anaweza kuja kuangalia. Na kabla ya kuahidi bango, waulize waandaaji wa mashindano: wakiwa na mdhamini wao, huenda wakalikataza, nawe utaonekana tapeli. Omba jambo moja kwa barua moja. Mipira na nauli zina barua zao.

Huyu wa Mwanga hakusaini siku ile. Alikuja Jumamosi iliyofuata bila kuniambia, akasimama karibu na kijiwe cha bodaboda, akahesabu mwenyewe. Akapata 190. Jumatatu akanipigia kuuliza kama bango linaweza kusogezwa pale kijiweni.