Nambari ya IMO unayo: mwenye meli ni nani, na anayeiendesha ni nani?

Swali: Kontena letu la vipuri vya mashine za kukoboa mpunga limefika Kisumu kutoka Mombasa, tukalifungua tukakuta vipuri vimelowa maji ya chumvi. Nina jina la meli na nambari yake ya IMO, na najua bendera yake ni ya Panama. Ubavuni imeandikwa kampuni moja, mtandaoni naona mwenye meli ni mwingine, na meneja ni mwingine tena. Mwenyewe hasa ni yupi, anayeiendesha ni yupi, na barua yangu niipeleke kwa nani?

Jibu: Hayo majina matatu huenda yote ni sahihi. Kila moja linajibu swali lake, na kazi yako ni kujua lipi linajibu lipi. Kwa kuwa hukutupa nambari ya meli yako, tutatumia meli ambayo habari zake zilianikwa hadharani dunia nzima: Ever Given, ile iliyoziba Mfereji wa Suez tarehe 23 Machi 2021 na kukwamuliwa siku sita baadaye. Nayo ilikuwa na bendera ya Panama, na nambari yake ni IMO 9811000.

Kwanza hakikisha nambari yenyewe haina kosa. Wakala wa forodha aliyeinakili kwa simu huku lori likimsubiri anaweza kukosea tarakimu moja, nawe ukamwandikia mwenye meli ambayo haijawahi kukanyaga Kilindini. Nambari ya IMO ina tarakimu saba, na ya saba ni ya kuhakiki zile sita. Zidisha sita za kwanza kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2, kisha jumlisha:

```
9×7 + 8×6 + 1×5 + 1×4 + 0×3 + 0×2
63  + 48  + 5   + 4   + 0   + 0   = 120
```

Tarakimu ya mwisho ya jumla ni 0, na ya saba katika nambari ni 0. Imepita. Hesabu hii hunasa kila kosa la kupindua tarakimu mbili jirani kati ya zile sita, lakini si kila kosa. Tarakimu ya tatu huzidishwa kwa 5, kwa hiyo ukiandika 9831000 badala ya 9811000 jumla inakuwa 130, na nambari mbovu inapita kana kwamba haina neno. Ndiyo maana hesabu pekee haitoshi. Ukishaifungua meli kwenye skrini, linganisha na jina, aina ya meli na mwaka iliyoundwa.

Tunang'ang'ania IMO kwa sababu ndiyo pekee isiyobadilika. Hupewa meli yenyewe na hukaa nayo tangu kuundwa hadi kukatwa vyuma chakavu, na tangu 2004 sheria ya kimataifa inataka iandikwe kwa kudumu kwenye mwili wa meli. Jina hubadilika meli ikiuzwa. MMSI, ile ya tarakimu tisa ya redio, hubadilika bendera ikibadilishwa, maana tarakimu tatu za mwanzo ni za nchi: 353 ni mojawapo ya zile za Panama, 636 ni Liberia, 634 ni Kenya. Nambari ya usajili ya nchi nayo hubaki nyuma meli inapohama. Ukiona MMSI ya Liberia na karatasi yako inasema Panama, ama meli imehama bendera ama karatasi ni ya zamani. (Meli za Ziwa Victoria usizitafute kwa njia hii. Kanuni hizi ni za meli za baharini, na meli ya mizigo iliyo chini ya tani 300 za ujazo hailazimiki kuwa na nambari hata ikiwa baharini.)

Sasa fungua akaunti kwenye www.equasis.org, tovuti ya Equasis yenye kumbukumbu za meli na kampuni zake. Ni bure, ila lazima ujisajili kwa barua pepe. Weka tarakimu saba bila herufi IMO, ufungue meli, kisha uende kwenye sehemu iliyoandikwa `Management detail`. Utaona mistari michache, kila mmoja una cheo, jina la kampuni, anwani na tarehe ya kuanza. Vyeo vinavyokuhusu ni `Registered owner`, `ISM Manager` na `Ship manager/Commercial manager`. Kampuni nazo zina nambari zao za IMO, pia za tarakimu saba, na ziko hapo hapo pembeni. Wengi huinakili hiyo na kuiweka kwenye kisanduku cha kutafuta meli, kisha wanalalamika kwamba tovuti ni mbovu.

`Registered owner` ndiye mwenye meli kwa mujibu wa daftari la bendera, yaani daftari la meli la nchi ambayo meli inapeperusha bendera yake. Kwa Ever Given alikuwa Luster Maritime, kampuni iliyosajiliwa Panama. Lakini kampuni ya namna hii mara nyingi ni ganda: mali yake ni meli moja, haina wafanyakazi, na anwani yake huanza na `Care of`, yaani barua hupitia kwa mtu mwingine. Huyo mwingine ndiye wa kumtazama. Luster Maritime ni kampuni tanzu ya Shoei Kisen Kaisha ya Imabari, Japani, na Shoei Kisen ndiyo iliyozungumza kama mwenye meli wakati wote wa mkasa. Bonyeza jina la kampuni, utaona meli nyingine zilizo chini yake. Ikiwa ni moja tu, rudia kwa yule wa `Care of`. Akitokea na meli ishirini, umeshapata familia yenyewe.

Usiuchukue ukurasa huo kama hati ya umiliki. Kesi ya malipo ya waokoaji wa Ever Given iliposikizwa London, walioshtakiwa kama wamiliki walikuwa wawili: Luster Maritime na Higaki Sangyo Kaisha. Aliyesoma jina moja mtandaoni na kuishia hapo angemwacha mmoja nje. Kama dai lako ni kubwa kiasi cha kwenda mahakamani, mwambie wakili aombe nakala ya daftari kutoka kwa msajili wa meli wa nchi ya bendera, kwa ada. Hiyo huonyesha wamiliki wote walioandikishwa na rehani zilizo juu ya meli. Majina ya wenye hisa hutayaona humo, usiyatafute.

`ISM Manager` ni kampuni iliyobeba jukumu la usalama wa meli chini ya ISM, kanuni za kimataifa za usimamizi wa usalama wa meli: mabaharia, ukarabati, vyeti. Kwa Ever Given ilikuwa Bernhard Schulte Shipmanagement, kampuni ya kulipwa ada ili kuendesha meli za watu. Nahodha na mabaharia wako chini ya mikono yake, lakini shehena si biashara yake na mkataba wako hauko naye. Ukimwandikia peke yake, jibu utakalopata ni kwamba anafanya kazi kwa niaba ya wamiliki.

Na yale maandishi makubwa ubavuni? Ever Given iliandikwa EVERGREEN kwa herufi za kuonekana maili kadhaa, na siku za kwanza watu wengi waliilaumu kampuni hiyo ya Taiwani kama mwenye meli. Evergreen ilikuwa imeikodi kwa muda. Aliyeikodi meli kwa muda huamua meli iende bandari gani na ibebe nini, hulipa mafuta na huuza nafasi ya makontena. Kwa lugha ya biashara yeye ndiye anayeiendesha. Lakini mkataba wake na mwenye meli ni wa faragha, hausajiliwi popote, kwa hiyo daftari la bendera halitamtaja hata ulisome mara ngapi. Tofauti ni pale meli inapokodiwa tupu, bila mabaharia, aliyeikodi akaajiri wake. Huyo huandikwa kwenye rekodi ya mfululizo wa historia inayokaa ndani ya meli, pamoja na mwenye meli na kampuni ya ISM. Rekodi hiyo haiwekwi mtandaoni. Wakili wako anaweza kuwadai wenye meli nakala.

Kwa hiyo anayeiendesha kibiashara humpati kwenye daftari. Yuko kwenye hati yako ya shehena. Itoe, uangalie pembe ya chini kulia palipotiwa sahihi. Ikiwa pameandikwa `as Carrier` baada ya jina la kampuni, huyo ndiye aliyekuahidi kuufikisha mzigo. Ikiwa ni `as agent for the Carrier`, soma carrier ni nani, maana aliyetia sahihi ni mjumbe tu. Ikiwa ni `for the Master`, sahihi ni ya nahodha, na kwa kawaida hiyo humfunga mwenye meli hata kama juu ya karatasi pana nembo ya kampuni nyingine. Geuza nyuma pia usome maandishi yale madogo: kuna hati zenye kifungu kinachosema mbebaji ni nani. Halafu angalia kama hati ni ya kampuni ya meli au ya msafirishaji aliyekusanya mizigo ya wengi. Ikiwa ni ya huyo wa pili, mkataba wako uko naye, na yeye ndiye aliye na hati nyingine ya kampuni ya meli.

Kabla hujaandika barua, rudi Equasis utazame zile tarehe za kuanza. Kinachohesabika ni nani alikuwa mwenye meli na nani alikuwa meneja siku mzigo ulipopakiwa na uliposafiri. Tuseme hati yako ni ya Machi na mmiliki wa sasa ameanza Mei: unayemtafuta yuko kwenye `Ship history`, pamoja na jina la zamani la meli ikiwa lilibadilishwa. Piga picha ya skrini yenye tarehe, maana ukurasa huo hubadilika na utakapouhitaji mwezi ujao huenda unasema mengine.

Barua iende kwa carrier aliyetajwa kwenye hati, nakala kwa mwenye meli aliyesajiliwa kupitia anwani ya `Care of`, nakala kwa wakala wa meli Mombasa na kwa bima yako. Andika jina la meli, IMO, nambari ya safari, nambari ya hati, ya kontena na ya sili. Na uiandike leo. Chini ya Kanuni za Hague, kanuni za kimataifa za kubeba mizigo baharini ambazo hati nyingi zinazifuata, uharibifu usioonekana kwa nje hutolewa taarifa ndani ya siku tatu tangu kukabidhiwa mzigo. Ukichelewa hapo hujapoteza dai, ila mzigo utachukuliwa kuwa ulifika salama hadi uthibitishe vinginevyo. Kisichosamehe ni mwaka mmoja wa kufungua kesi, na huo hausimami eti kwa kuwa ulikuwa ukimwandikia mtu asiyehusika.