Joto la kuyeyuka halichagui kati ya kaboni na umeme

"Wakuu, niko kidato cha nne hapa Iringa. Alumini hutolewa kwa umeme kwa sababu oksaidi yake inayeyuka kwa joto kubwa mno, ndiyo maana kaboni haiiwezi, sivyo? Na zinki na shaba je?"

Futa hiyo sentensi kabla haijakula maksi zako. Ndiyo hiyohiyo tuliyomezeshwa tuisheni pale Mwanjelwa, na mwalimu akaipigia mstari ubaoni. Mpaka leo inaniuma, maana tulilipa ada na hakuna aliyetuambia tuipime kwa metali nyingine.

Ipime kwa zinki. Oksaidi ya alumini huyeyuka kwenye nyuzi 2072 hivi, ya zinki karibu na 1975. Zimepishana kidogo tu. Lakini changanya oksaidi ya zinki na makaa, pasha hadi kupita nyuzi 1000: kaboni inainyang'anya oksijeni, na zinki inatoka ikiwa mvuke, kwa kuwa yenyewe huchemka kwenye 907. Oksaidi haikuyeyuka kabisa! (Siku hizi zinki nyingi hutolewa kwa umeme kutoka mmumunyo wa salfeti yake, lakini si kwa sababu kaboni imeshindwa.)

Hata wahunzi wa Ufipa, kwenye malungu, yaani tanuru zao za kuyeyushia madini, walipata chuma kwa mkaa wa kuni bila chuma chenyewe kuyeyuka. Kilitoka bonge lenye takataka, likapashwa tena na kugongwa.

Kwa hiyo swali la kwanza ni moja: nani anashikilia oksijeni kwa nguvu zaidi, metali au kaboni? Zinki, chuma na shaba ziko chini ya kaboni kwenye orodha ya nguvu hiyo, zinanyang'anywa. Alumini iko juu yake, haiachii. Ukilazimisha kwa joto la nyuzi 2000 na zaidi, sehemu kubwa inageuka kabaidi na mvuke, hupati metali safi. Hapo ndipo umeme unaingia.

Joto la kuyeyuka linakuja baada ya hapo, na linausumbua umeme, si kaboni. Ayoni haziwezi kutembea ndani ya oksaidi iliyo ngumu, lazima iwe kimiminika. Ndiyo maana oksaidi ya alumini huyeyushwa ndani ya kriolaiti, na kazi inafanyika kwenye nyuzi 950 hivi badala ya 2072. Usijaribu kuandika mmumunyo wa maji wa chumvi ya alumini: kwenye kathodi itatoka hidrojeni, alumini inabaki majini.

Na usishtuke ukiona anodi za kaboni zikiliwa na kubadilishwa kila mara. Oksijeni inayofika pale inaziunguza:

2Al₂O₃ + 3C → 4Al + 3CO₂

Mlinganyo huu unafanana na ule wa tanuru, na wengi hudanganyika hapa wakaandika kwamba kaboni peke yake imetoa alumini. Bila umeme kuisukuma, kwenye nyuzi 950 kaboni hiyo isingetoa hata chembe.