Chumvi haiungui njano

Swali: "Tuliandaa ubao wa sayansi shuleni kwa Kiswahili. Tuliandika: 'Chumvi inaungua njano na haidrojeni inaungua nyekundu, kwa sababu ya viwango vya nishati.' Mwalimu wa Kiswahili kasema sentensi ni mbovu, na mwalimu wa kemia naye kasema hivyo hivyo. Kosa liko kwenye lugha au kwenye sayansi? Na mbona rangi haibadiliki kila tukirudia?"
Mwanafunzi wa kidato cha nne, Lindi

Walimu wenu wote wawili wana haki, tena wanalalamikia neno moja: kuungua.

Kilichoungua kimeliwa na moto. Wali ulioungua umegeuka ukoko mweusi, nyumba iliyoungua imebaki majivu. Kuwaka ni kitu kingine: jiko linawaka, kuni zinawaka, yaani moto upo na unaendelea. Kung'aa hakudai moto wowote. Mwezi hung'aa, bati jipya hung'aa. Sasa tazameni kinachotokea maji ya wali yenye chumvi yanapofurika juu ya jiko la gesi. Mwali uliokuwa wa buluu unageuka njano ghafla, kisha maji yakikauka unarudi buluu. Kinachowaka pale, kabla na baada, ni gesi. Chumvi imeingia motoni kama mgeni tu: imeyeyuka, ikawa mvuke, atomu zake za sodiamu zikapata joto na kulirudisha kama mwanga. Njano ile haitokani na sodiamu kuliwa na moto, kwa hiyo haikuungua. Imetoa mwanga.

Hapo pia kuna suala la njeo. "Inaungua" ni habari ya sasa hivi, wakati ubao wa sayansi unaeleza jambo la siku zote, na kwa jambo la siku zote Kiswahili kina hu-. Andikeni: "Chumvi ya mezani ikitiwa motoni, sodiamu iliyomo hutoa mwanga wa njano." Angalieni pia kwamba unjano ni wa mwanga. Chumvi yenyewe, iwe ya dukani au ya mashamba ya pwani ya kwenu, ni nyeupe.

Sasa "viwango". Neno hilo si kosa, na vitabu vingine hulitumia. Mimi nachagua "ngazi za nishati", na sababu yangu inatoka kwenye maana. Kiwango ni kipimo kinachoweza kuwa popote: kiwango cha maji tangini hupanda kidogo kidogo na kinaweza kusimama mahali popote. Elektroni ndani ya atomu haina uhuru huo. Ina mahali maalumu pa kusimama, na kati ya mahali na mahali hapasimamiki. Picha iliyo karibu zaidi na jambo hili ipo kwenye neno unalolitaja kila siku bila kulifikiria, kidato. Kabla ya kuwa darasa la sekondari, kidato ni ile alama inayokatwa kwenye shina la mnazi ili mkwezi apate pa kukanyaga. Mguu uko kidato cha pili au cha tatu, hakuna kidato cha pili na nusu.

Mfano wa mnazi una mpaka wake, na ni vizuri kuujua. Mkata vidato huviachia nafasi zinazokaribia kulingana. Vidato vya atomu ya haidrojeni, kadiri unavyopanda ndivyo vinavyosongamana. Nishati ya kila kimoja hupatikana kwa kugawa −13.6 kwa mraba wa namba yake, na kipimo ni elektronivolti. Kidato cha kwanza kiko −13.6, cha pili −3.40, cha tatu −1.51, cha nne −0.85. Alama ya kutoa inamaanisha elektroni imefungwa. Ikifika sifuri imekwisha kung'oka kwenye atomu.

Elektroni ikipewa nishati hupanda, na haikai huko juu. Ikishuka, tofauti ya nishati kati ya kidato ilichotoka na ilichofikia hutoka kwa mkupuo mmoja kama fungu la mwanga, fotoni. Ikishuka kutoka cha tatu hadi cha pili, tofauti ni 3.40 − 1.51, yaani 1.89. Gawa 1,240 kwa 1.89 unapata urefu wa wimbi katika nanomita: 656, ambao jicho linauona mwekundu. Kutoka cha nne hadi cha pili ni 2.55, wimbi la nanomita 486, buluu iliyoelekea kijani. Kutoka cha tano ni 434, na kutoka cha sita ni 410, zote mbili za urujuani. Hakuna mshuko kati ya vidato hivi unaoweza kutoa njano ya sodiamu, ambayo ni ya nanomita 589, kwa hiyo atomu ya haidrojeni haina njano hata uitese vipi. Na kwa kuwa vidato havihami, ukirudia kesho au mwaka ujao mistari itakuwa pale pale. Balmer, mwalimu wa Uswisi, aliipata kanuni ya mistari hii minne mwaka 1885 kwa kucheza na namba nzima, bila kujua inatoka wapi. Bohr, mwanafizikia wa Denmark, alileta vidato mwaka 1913, na kanuni ile ikapata maelezo.

Lakini hapo ndipo sehemu ya pili ya sentensi yenu inapoanguka, na hapa kosa ni la sayansi hasa. Haidrojeni ikiwaka haitoi wekundu huo. Ili elektroni ishuke kutoka kidato cha tatu lazima kwanza ifike huko, na kutoka cha kwanza hadi cha tatu ni elektronivolti 12.1. Mwali wa gesi wenye joto la nyuzi 1,700 hivi una chembe zinazogongana kwa nishati ya takriban 0.2. Zipo chache zinazogonga kwa nguvu kuliko wastani, ila uchache huo una hesabu yake. Sodiamu inahitaji 2.1 tu kufika kidato chake cha juu kinachofuata, na katika joto hilo atomu moja hivi kati ya laki moja huwa imepanda. Mvuke wa punje moja una atomu nyingi mno, hivyo moja kwa laki inatosha kabisa kuugeuza mwali mzima njano. Kwa 12.1 hesabu hiyo hiyo inatoa idadi ndogo hata isiyostahili kutajwa. Ndiyo maana haidrojeni safi ikiwaka mwali wake huwa umepauka, na mchana hauonekani kwa urahisi.

Wekundu mliouona kwenye picha ya kitabu unatoka kwenye mrija wa kioo wenye haidrojeni kidogo sana ndani, uliounganishwa na umeme wa volti elfu kadhaa. Umeme huzisukuma elektroni huru kwa kasi, nazo huvunja molekuli kuwa atomu na kuzipandisha vidato ambavyo moto hauvifikii. Mle ndani hakuna oksijeni, basi haidrojeni hung'aa bila kuwaka. Jikoni ingekuwa kinyume: ingewaka bila kung'aa. Sijui mfano bora kuliko huu wa kumwonyesha mtu kwamba vitenzi hivi viwili havibadilishani nafasi.

Neno "mistari" nalo litumieni kwa uangalifu. Mwanga wa sodiamu ukipitishwa kwenye prizimu hutoa mistari miwili iliyobanana, 589.0 na 589.6. Potasiamu na lithiamu nazo hutoa mistari. Kalsiamu, stronti, bariamu na shaba ni habari tofauti: sehemu kubwa ya rangi yake motoni inatoka kwenye molekuli ndogo zinazoundwa mle mle kwenye mwali, kwa mfano CaOH. Molekuli hutikisika na kuzunguka, hivyo kila kidato chake kina vidato vidogo vingi, na mistari yake husongamana hadi ikawa mikanda. Kwa shaba andikeni "mikanda ya kijani na buluu", mtakuwa sahihi.

Kuhusu upatanisho wa rangi: -ekundu, -eupe na -eusi huchukua kiambishi cha ngeli, nyingine huunganishwa kwa -a. Kwa hiyo ni mwali mwekundu na miali myekundu, lakini mwali wa njano, mwali wa kijani, mwali wa zambarau. Na msichanganye mwali na mwale. Mwali ni ulimi wa moto, mwale ni mshale wa nuru. Najua kwenu, kuanzia Lindi hadi Newala, "mwali" humleta kwanza akilini msichana wa unyago. Upatanisho huwatenganisha: mwali ametoka, wali wametoka, mwali umegeuka njano, miali imegeuka njano.

Kwa kuwa mnakusudia kuonyesha jaribio mbele ya ubao, nawaonya juu ya pwani yenyewe. Sodiamu iko kwenye jasho la vidole na kwenye upepo wa bahari, na kiasi kidogo mno hutosha kufunika rangi nyingine. Chukueni waya wa nikromu wenye urefu wa sentimita 5, ufungwe kwenye mpini wa kioo. Uchovyeni kwenye asidi ya haidrokloriki, muuweke kwenye ukingo wa mwali wa buluu, mrudie mpaka usitoe rangi yoyote. Baada ya hapo msiuguse kwa mkono. Ulowesheni tena kwa asidi, ugusisheni kwenye unga wa chumvi mnayoipima, mrudishe motoni. Asidi haiko pale kwa kusafisha tu: hugeuza chumvi kuwa kloridi, ambayo huvukizwa upesi kuliko nyingi nyingine, na isiyofika kwenye mvuke haitoi rangi.

Moto nao uwe wa buluu. Mwali wenye moshi, kama wa kibatari, una njano yake isiyo ya sodiamu: ni chembe za masizi zenye joto, zinazotoa rangi zote kwa pamoja. Pitisheni kijiko juu yake, kikitoka cheusi basi mwali huo haufai.

Potasiamu ndiyo itakayowasumbua zaidi. Mwanga wake ni wa zambarau hafifu, na sodiamu kidogo tu huufunika wote. Tazameni mwali kupitia kioo cha buluu cha kobalti, ambacho hunyonya njano ya 589 na kuacha rangi ya potasiamu ipite. Kupitia kioo hicho itaonekana imeelekea wekundu, kwa hiyo kwenye ubao andikeni rangi mliyoiona na mtaje kwamba ilitazamwa kwa kioo.