Kabla hujanunua betri nyingine ya taa ya sola, muulize askari

Wewe uliyeingia kazi hii ya sola mwaka huu, utaitwa mara nyingi kwa neno moja: "Betri imekufa." Utakwenda na betri mpya begani, utabadilisha, utalipwa, utashukuriwa. Baada ya miezi kumi utaitwa tena kwenye nguzo ileile, na safari hiyo hutashukuriwa. Mimi ilinipata Mtongwe, Mombasa, ng'ambo ya Likoni, kwenye uwanja wa mama mmoja mwenye vyumba vya kupangisha. Nakusimulia kazi hiyo moja kwa sababu karibu kila kosa la taa za nguzo lilikuwepo pale, na mawili yalikuwa yangu.

Vyombo vilikuwa hivi: paneli ya wati 150, taa ya LED ya wati 30, betri ya risasi iliyofungwa ya volti 12 na ampea-saa 40, na kontrola ya bei rahisi ile yenye kioo kidogo na vitufe vitatu. Betri na kontrola vilikaa ndani ya sanduku la bati jeusi, juu ya nguzo, upande wa magharibi. Betri ya kwanza ilidumu mwaka na kitu. Ya pili niliiweka mimi, bila kuuliza swali lolote, ikadumu miezi tisa.

Nilipoitwa tena, mama hakunikaribisha hata maji. "Mwanangu, wewe waniuzia betri au waniuzia mawe?" Nikanyamaza, nikaenda kukaa na askari wa lango. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi, naye hajui volti ni nini. Nilimuuliza taa huzima saa ngapi. Akasema zamani ilikuwa inakesha mpaka jua litoke, kisha ikawa inazima saa kumi alfajiri, na sasa saa nane na nusu usiku imeshalala.

Yaweke maneno hayo kwenye hesabu. Taa ilikuwa inakula ampea 2.4, nilipima kwa mita. Inawaka saa kumi na mbili na nusu jioni, kwa hiyo mpaka saa nane na nusu usiku ni saa nane kamili. Nane mara 2.4 ni karibu 19. Ikiwa mchana ulikuwa wa jua na betri ilishiba jioni, basi ile betri ya ampea-saa 40 imebakiwa na 19 tu, chini ya nusu. Askari amekupimia uwezo wa betri bure. Sharti lake ni hilo la kushiba: usimuulize habari za usiku uliofuata siku ya mvua, hesabu itakudanganya.

Sasa rudi nyuma uitazame siku ya kwanza, betri ikiwa mpya. Kontrola ilikuwa imewekwa 0H, maana yake taa iwake jua likizama na izime jua likichomoza. Hapa kwetu usiku ni saa kumi na mbili, na mwaka mzima haupishani zaidi ya kama nusu saa. Ampea 2.4 mara saa 12 ni karibu ampea-saa 29. Kwenye betri ya 40 hiyo ni zaidi ya asilimia 70, kila usiku. Betri ya risasi ya kawaida ukiishusha nusu tu kila siku itakuvumilia mizunguko mia kadhaa. Ukizidi kuishusha chini, idadi hiyo inapungua upesi. Kwa hiyo taa ile ilikuwa imehukumiwa tangu siku ilipofungwa, hata bila joto.

Lakini joto lilikuwepo, na ndilo lililonishangaza. Ilikuwa Februari, kaskazi limetulia, hewa ya kivulini nyuzi 32. Nilibandika kipimajoto ubavuni mwa betri, nikafunga sanduku, nikarudi saa tisa alasiri. Nyuzi 48. Saa tatu usiku nikakuta bado ni 40, kwa sababu betri ni mzigo wa risasi na maji: ikishapata moto haiuachi haraka. Watengenezaji wanapoandika umri wa betri hizi wanahesabu kwa nyuzi 25, na kanuni inayotumika ni kwamba kila nyuzi nane hadi kumi zinazozidi hapo, umri unakatika nusu. Hapa usitazame kilele cha mchana, tazama wastani wa siku. Sanduku lile, kwa makisio yangu, wastani wake ulikuwa kwenye nyuzi 38 au 40. Betri ya miaka mitano inakuwa ya mwaka na miezi.

Kinachotokea ndani ni kukauka. Betri iliyofungwa haina maji yanayocheza. Asidi imenyonywa kwenye pamba ya nyuzi za kioo katikati ya sahani, na juu kuna vali za mpira. Ikichajiwa kupita kiasi gesi inazidi, vali zinafunguka, maji yanatoka yakiwa gesi na hayarudi tena. Na chaji iliyo sawa kwa nyuzi 25 inakuwa imezidi betri ikiwa na nyuzi 45. Kila nyuzi moja ya juu inataka chaji ipunguzwe takriban milivolti 24 kwa betri nzima ya volti 12. Nyuzi ishirini ni karibu nusu volti. Kontrola yangu ilikuwa kwenye b1, yaani betri iliyofungwa, ikipandisha mpaka volti 14.4 kisha kushikilia 13.7, iwe Julai iwe Februari. Ilikuwa haijui joto. Betri ilitaka 13.9 na 13.2, nasi tunaichemsha kila mchana.

Ukiunganisha mambo haya mawili utaona yanavyolishana. Joto linakausha, uwezo unashuka kutoka 40 hadi 30. Taa haijui hilo, inaendelea kudai 29 zake, kwa hiyo sasa betri inakombwa hadi chini kila usiku. Kisha masika yanaingia Aprili, mawingu siku tatu nne, betri inalala bila kushiba na salfeti inaganda kwenye sahani. Mwenye nyumba anasema mvua imeua betri. Betri ilikufa Februari. Mvua ilileta habari tu.

Na kontrola je, si ndiyo ya kuilinda? Ile yangu ilikuwa inakata mzigo kwenye volti 10.7, kama ilivyotoka dukani. Kwa mzigo mdogo kama huu, betri ikifika 10.7 haina kitu tena. Kinga ya namna hiyo ni sawa na kufunga bomba baada ya tangi kukauka. Pandisha mpaka 11.5 hivi, na kuwaka tena kusiwe chini ya 12.6.

Namna ya kujua betri ilikufa kifo gani: iliyokauka mara nyingi imevimba ubavu, na ukiipima bila mzigo inakuonyesha volti nzuri kabisa, 12.8 hata 13. Fundi mgeni anasema betri ni nzima. Iwashie taa, ndani ya dakika chache inaporomoka. Iliyoganda salfeti ikipumzika huwa chini, na ukiichaji volti zinaruka juu upesi kana kwamba imeshiba. Ikiwa umechaji kutwa nzima, ukaiacha ipumzike, na inasoma 10.5 hivi tu, seli moja kati ya sita imepiga shoti. Na kuna kipimo cha nne ambacho sikukisoma popote, nilikipata kwa muuza viazi: mizani. Maji yakitoka, uzito unatoka. Betri ya pili niliilinganisha na mpya ya aina ileile, ikawa pungufu kwa zaidi ya robo kilo. Tangu hapo kila betri ninayofunga naiandika tarehe na uzito kwa kalamu ya wino mzito.

Utawaona mafundi wanabandua kifuniko na kutia maji kwa sindano. Inaweza kuamka wiki mbili. Usimtoze mtu pesa kwa kazi hiyo.

Tulichofanya Mtongwe hakikuwa kikubwa. Betri na kontrola tukavishusha chini pamoja, kwenye kijumba cha matofali chini ya mwarobaini kando ya ukuta, kimeinuliwa ili maji ya masika yasifike, kina matundu chini na juu yenye wavu. Usikizibe kabisa kwa kuogopa mijusi; gesi lazima itoke. Nasema pamoja kwa sababu kontrola mpya tuliyonunua ina kipimajoto ndani yake, ikibaki juani huku betri iko kivulini itapunguza chaji bure na betri itakosa kushiba. Waya wa kupanda kwenye taa nikaongeza unene, ukawa wa milimita 4 za mraba. Alasiri nyuzi zilizosoma kwenye betri ni 34.

Kwenye saa za taa ndipo tulipobishana. Mimi nilitaka izime saa nne na nusu usiku. Mama akakataa: "Na wanaotoka kwenda msikitini alfajiri wapite gizani?" Alikuwa na haki. Tukanunua kontrola ya taa za barabarani inayoweza kufifiza: saa nne za mwanzo mwanga kamili, katikati asilimia 30, saa moja ya mwisho kamili tena. Saa tano za mwanga kamili ni ampea-saa 12, saa saba za katikati ni 5. Jumla 17, kutoka 29, na watu hawakulalamika sana. Siku ya kwanza ilikataa kuwaka kabisa. Kontrola hizi zinajua usiku kwa kutazama volti za paneli, na jirani alikuwa ameelekeza taa kubwa ya ukuta wake kwenye paneli yetu. Tukamwomba aigeuze.

Kamera ya ulinzi ni mambo mengine kidogo. Ukiifunga kwenye kontrola ya 0H italala mchana kutwa, na wezi wa mchana wapo. Iweke 24H, kisha ukubali kwamba huna saa za kupunguza. Kamera na ruta yake zikila wati 8, usiku mmoja ni ampea-saa 8 na mchana mwingine 8 zinazochukuliwa kwenye paneli kabla betri haijapata haki yake. Hapo dawa ni paneli na betri kubwa zaidi, na kivuli. Wala usikimbilie kuiunga kamera moja kwa moja kwenye betri ili isizimwe. Ukipita kando ya kontrola hakuna wa kukata, na siku tatu za mawingu zitaimaliza betri mpya.

Betri ya tatu ina mwaka na nusu sasa. Niliipima mwezi uliopita kwa mizani ya duka la jirani, imepungua gramu chache tu. Askari anasema taa hufika asubuhi, ila saa sita usiku huwa hafifu na yeye hawezi kusoma gazeti.