Riba 1.5% kwa mwezi: nilichokiona kwenye picha ya ofa yako

"Wakuu, benki wamenipa hii ofa ya mkopo nimeipiga picha, milioni moja na laki mbili, miezi 12, riba 1.5% tu kwa mwezi. Sijawahi kukopa popote. Niisaini?"

Usisaini kwanza mkuu. Nimekaa dawati la mikopo miaka kadhaa na hizi barua nimeziandaa sana tu, ngoja nikueleze nilivyoisoma.

Hiyo 1.5% uliyoizungushia kalamu peke yake haikwambii kitu, cha kuangalia ni inapigwa kwenye hela ipi. Shuka chini kwenye jedwali la marejesho, safu ya riba. Mwezi wa kwanza 18,000, wa pili 18,000, mpaka wa mwisho 18,000. Haipungui. Maana yake riba inapigwa kwenye mkopo wote wa mwanzo kila mwezi, hata hela ambayo umesharudisha. Angalia mwezi wa 12, hapo unadaiwa laki moja tu lakini bado unatozwa 18,000! Hii watu wa benki wanaiita flati. Rejesho lako ni 118,000, zidisha kwa 12 unapata 1,416,000, riba 216,000.

Sasa ingekuwa riba ya salio linalopungua, kwa asilimia ileile 1.5, mwezi wa kwanza ungetozwa 18,000 hiyohiyo, ila wa pili ingeshuka mpaka kama 16,620 kwa sababu deni limepungua, na ingeendelea kushuka. Rejesho lingekuwa kama 110,000 na riba yote kama 120,000. Tofauti inakaribia laki moja na asilimia iliyoandikwa ni ileile, ndiyo maana nasema usilinganishe ofa za benki mbili kwa asilimia, linganisha jumla ya marejesho.

Kuna na ule mstari mdogo wa juu, ada ya mkopo 3% na bima 1%, zinakatwa kabla hela haijaingia kwenye akaunti. Yaani 48,000 inabaki benki, wewe unapokea 1,152,000 lakini unalipa riba ya milioni moja na laki mbili kamili. Ukipiga hesabu ya hela unayoishika mkononi na unavyoirudisha mwezi kwa mwezi, gharama halisi inafika kama 40% kwa mwaka, siyo ile 18% unayoipata ukizidisha 1.5 mara 12.

Kilichonitisha zaidi ni kipengele cha adhabu. Kimeandikwa "5% kwa mwezi ya kiasi kinachodaiwa" halafu basi. Kinachodaiwa kipi? Kama ni rejesho lililochelewa, 5% ya 118,000 ni 5,900, inauma ila inalipika. Kama ni salio zima la mkopo, tuseme umelipa miezi minne vizuri umebakiza laki nane ya mtaji, yaani hela yenyewe uliyokopa bila riba, ukateleza rejesho la tano, adhabu ni 40,000. Na hapo soma mstari unaofuata, unasema malipo yanaanza kufuta adhabu, kisha riba, mtaji mwisho. Kwa hiyo ukipeleka 118,000 yako baada ya kuchelewa, 40,000 inamezwa na adhabu, rejesho linabaki na pengo la 40,000, mfumo unakuhesabu bado umechelewa na mwezi unaofuata unapigwa tena. Nimeona watu wanalipa kila mwezi bila kuruka na deni haliishi, wanadhani benki inawaibia kumbe kipengele walikisaini wenyewe, na mara nyingi hakuna aliyewaelekeza.

Picha yako imekatwa pale panapoanza "endapo mkopaji atashindwa...", na chini naona ukurasa wa 2 kati ya 4. Hizo nyingine zitafute, hapo ndipo huwa panaandikwa baada ya kuchelewa marejesho mangapi benki inaweza kudai mkopo wote kwa mpigo, na kama inaruhusiwa kuchota kwenye akaunti zako nyingine. Ukizituma humu funika jina na namba ya akaunti, hii ya kwanza umeiacha wazi, ifute uiweke upya.

Kwa afisa mikopo nenda na maswali matatu: adhabu inapigwa kwenye rejesho au kwenye salio, mna mkopo wa salio linalopungua, na nikimaliza mapema riba ya miezi iliyobaki inafutwa au nadaiwa yote? Hilo la mwisho kwenye flati ni muhimu sana maana kuna benki hawafuti, ukilipa mapema unakuwa hujaokoa chochote. Akikujibu kwa mdomo mwambie akiandike kwenye barua yenyewe na apige muhuri pembeni, maana siku ya ugomvi kinachosomwa ni karatasi na huyo afisa huenda ameshahamishwa tawi.